Mafuta ya Papa Kwenye Klachi

Lori la kwanza nililokabidhiwa kuendesha lilikuwa la nahodha. Alikuwa nahodha kweli, mtu wa mji wa kale wa Bagamoyo, aliyepakia mbata na boriti kwenye chombo chake miaka mingi mpaka magoti yakamgomea. Chombo akakiuza, akanunua lori lililokwisha kuchoshwa na watu wa mashamba ya mkonge, akaniita mimi niliendeshe. Yeye mwenyewe alikaa pembeni yangu, fimbo kati ya miguu, akiniamuru kama niko kwenye usukani wa chombo.

"Kata kushoto, bwana mdogo. Mbele pana maji machache."

"Ni dimbwi, Nahodha."

"Ndiyo. Maji machache."

Nilimpenda mzee yule. Lakini alikuwa na desturi moja aliyotoka nayo baharini, na desturi hiyo ndiyo iliyonigharimu. Chuma chochote alichokiona, alikipaka mafuta. Huko kwetu hewa ina chumvi, na msumari ukiuacha nje unageuka unga mwekundu. Watu wa vyombo wanajua dawa yake: mafuta ya ini la papa, tunayoyaita sifa, ambayo hupakwa kwenye mbao na kila kitu kinachoguswa na maji. Yananuka mpaka mbwa wanageuza njia. Nahodha aliweka debe la mafuta hayo nyuma ya kiti, na kila jioni alilizunguka lori na kitambaa, akipaka bawaba za milango, springi, minyororo ya bodi. Sikumkataza. Lori lilikuwa lake, na bawaba zilikuwa laini.

Wakati huo nilikuwa na jambo moja tu moyoni. Baba na mama walitutoka wakifuatana, mimi nikiwa bado darasani. Niliacha shule nikaenda kufanya kazi kwenye gereji mjini. Mdogo wangu wa kiume nilibaki naye. Wa mwisho, msichana, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Shangazi yetu, dada yake baba, akamchukua kwenda naye Saadani. Siku ile nilisimama na shangazi mlangoni, nikamwambia, "Nikipata nyumba nitakuja kumchukua." Aliniitikia kama mtu mzima anavyomwitikia mtoto anayeahidi makubwa.

Mtoto nilimwona mara chache tu tangu hapo. Kila mara alikuwa mtu mwingine: mara ana meno, mara hana, mara amesukwa nywele na ananitazama kutoka nyuma ya khanga ya shangazi. Siku za Idi, mimi na mdogo wangu tulipokaa kula, tuliketi upande mmoja wa sinia bila kupanga, upande wa pili ukabaki wazi. Hakuna aliyeulizia. Wali wa upande ule tuliula mwisho.

Sasa nyumba nilikuwa nayo, ya vyumba viwili, makuti mapya. Ndipo muuza samaki wakavu alipotoka Saadani na maneno ya shangazi. Shangazi alikuwa mjane, na mwanawe mkubwa alimwita akaishi naye Pangani. Angehama kabla ya masika. Kama bado namtaka dada yangu, nije; akishafika Pangani atakuwa mtu wa huko.

Nahodha alikuwa na safari ya kwenda Saadani kuchukua chumvi. Nikamtuma muuza samaki arudi na jibu: "Mwambie mtoto afunge vitu vyake. Mwezi ukiandama nakuja na lori la chumvi. Anisubiri njiani, ataona vumbi."

Tulipakia magunia ya mahindi na mchele ya kupeleka huko, kisha tukaondoka asubuhi. Siku chache kabla ya hapo, klachi ilikuwa inalia. Kila nilipokanyaga ilitoa sauti kama ya ndege mdogo. Nilijua ni beringi imekauka, na nilimwambia nahodha kwamba tutakaporudi nitaifungua. Asubuhi ile haikulia. Nilishukuru, sikuuliza.

Tulipita Fukayosi, tukapita Msata, tukavuka Wami. Upande wa pili kulikuwa na kilima cha mchanga mwekundu. Niliingiza gia ya chini, nikaachia kanyagio, nikaongeza moto. Injini ikapanda sauti, ikanguruma kama inataka kutoka ndani ya boneti. Lori halikupanda. Lilisogea kidogo, likasita, na injini ikazidi kupiga kelele peke yake.

"Mbona unapiga kelele bila kwenda?" nahodha aliniuliza.

"Klachi inateleza, Nahodha. Nguvu ya injini haifiki kwenye magurudumu."

Kisha ukaja moshi kutoka chini ya miguu yetu, na harufu. Klachi inayoungua naijua, ni harufu kali ya kitambaa na vumbi. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa harufu ya jikoni.

Tulisubiri ipoe. Nikajaribu tena, ikashika kidogo, ikateleza. Tukashusha magunia yote, nikajaribu lori likiwa tupu, likapanda hatua kadhaa na kuacha. Niliutazama ule mchanga mwekundu juu yangu. Saadani ilikuwa mbele, na nilijua mtoto yuko njiani anatazama vumbi. Nahodha aliniwekea mkono begani.

"Turudi, mwanangu. Mteremko utatusaidia."

Magunia tuliyaacha kwa mwenye duka wa kijiji kilichokuwa chini ya kilima. Tukarudi tupu, polepole, gia ya chini, moto mdogo, tukisimama kila injini ilipoanza kukimbia kuliko magurudumu.

Fundi wa gereji yetu alikuwa mtu mfupi, mwepesi wa kucheka na mzito wa kusifu. Alinifundisha kazi yote ninayoijua. Tulishusha giaboksi chini ya banda, na alipoingiza kichwa mahali pake alikitoa haraka.

"Mmechoma papa humu?"

Sikumwelewa mpaka nilipoinama mwenyewe. Nikageuka kumtazama nahodha. Alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, amenyoosha miguu.

"Ilikuwa inalia," alisema. "Ukaniambia imekauka. Nikaona pale chini pana kitundu, nikaiwekea mafuta. Kikombe kimoja tu."

"Kikombe," alisema fundi. "Nahodha, ungetuachia kikombe hicho tupikie mboga."

"Chuma kikilia kinataka mafuta."

"Hicho chuma kingine kilikuwa hakilii. Kilikuwa kimenyamaza kinafanya kazi yake, wewe ukakimwagia."

Akafungua boliti, akatoa vitu kimoja kimoja na kuviweka juu ya gunia, akamwita nahodha asogee. Hakuwa na hasira; alitaka tu mzee aelewe, maana lori lingerudi mikononi mwake. Nami, ingawa nilijua, nilisogea pia, kwa sababu nilihitaji kutazama kitu nilichoweza kukitengeneza.

Alianza na gurudumu zito la chuma lililobaki kwenye injini, sisi tunaliita flaiwili. "Hii imefungwa kwenye injini kwa boliti. Injini ikizunguka, nayo inazunguka. Haina ruhusa ya kusimama. Sasa hii," akainua pete nene ya chuma iliyo ndani ya kifuniko chenye springi kuizunguka, "ni presha pleti. Kifuniko chake kinafungwa kwenye flaiwili, kwa hiyo nayo inazunguka na injini saa zote. Springi zake zinaisukuma kuelekea flaiwili. Kazi yake ni kubana."

"Inabana nini?"

"Inabana hii." Akainua sahani ya chuma nyembamba, iliyovikwa pande zote mbili kitu cha kijivu, kigumu, kilichogongwa kwa ribiti. Kijivu hicho kilikuwa sasa cheusi, kinang'aa kama ngozi ya mkunga. "Klachi pleti. Hii haijafungwa kwenye injini. Ina tundu lenye meno katikati, na inakaa juu ya shafti ya giaboksi. Yenyewe ikizunguka, shafti inazunguka, gia zinazunguka, magurudumu yanakwenda. Sasa niambie, injini itaizungusha vipi na haikufungwa nayo?"

Nahodha alifikiri. "Kwa kubanwa."

"Kwa kubanwa, na kwa ukavu. Flaiwili huku, presha pleti huku, hii katikati. Mguu ukiwa nje ya kanyagio, springi zinabana, zote tatu zinakuwa kitu kimoja. Ukikanyaga, uma huu wa chuma unaisukuma beringi ile iliyokuwa inalia, beringi inasukuma vidole hivi vya presha pleti, na presha pleti inavutwa nyuma, nafasi ndogo tu, hata ukucha haupiti vizuri. Basi. Ya katikati imeachiwa. Injini inazunguka upande wake, giaboksi imetulia, dereva anabadili gia. Ukiachia taratibu, inaanza kusuguliwa, inavutwa kidogo, inavutwa zaidi, mpaka inashika kabisa. Kusuguana ndiko kunakoondoa gari. Wewe umeweka mafuta penye kusuguana."

Nahodha aliishika ile sahani, akapitisha kidole, akakinusa. "Baharini," alisema, "hakuna chombo kinachohitaji kusuguana."

"Ndiyo maana vinapelekwa na upepo," fundi akamjibu, na wote wawili wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu siku zilizobaki kabla ya masika.

Niliiosha sahani kwa petroli, mara ya kwanza, ya pili, nikaianika juani. Ilikauka ikawa ya kijivu kama mpya. Nikamwambia fundi tuirudishe tuondoke.

"Iweke pale juu ya bati," alisema.

Bati lilikuwa la moto. Baada ya muda kidogo jasho jeusi likaanza kutoka kwenye vitundu vya ribiti na kutambaa juu ya sahani. Mafuta yalikuwa yameingia ndani.

"Ikipata moto mlimani itatoa jasho hilohilo. Utafika pale pale ulipofika."

Ilibidi tungoe bitana zote mbili za zamani, yaani kile kijivu cha pande mbili za sahani, na kuagiza mpya Dar es Salaam. Zilichelewa. Nilitafuta mtu wa kupeleka neno Saadani, lakini muuza samaki alikuwa amekwenda Pangani, na wengine hawakuwa na safari ya upande ule. Jioni mdogo wangu aliniuliza, "Atalala wapi akija?" nikamwonyesha kitanda cha kamba nilichokisuka upya. Alikilalia ajaribu, akasema ni kirefu mno kwa mtoto. Nikamwambia atakua.

Bitana zilipofika nilizigonga mwenyewe, fundi akinitazama. Kila kichwa cha ribiti kilipaswa kuzama chini ya uso wa bitana, kisije kikakwaruza flaiwili. Uso wa flaiwili na wa presha pleti niliusugua kwa msasa na petroli mpaka harufu ya papa ikaisha, kisha sikuruhusu mtu aguse, hata kwa mkono mtupu. Tulipofunga, tulipitisha shafti kuukuu katikati ili sahani ikae sawa kabisa, nikakaza boliti kwa kupishana, hii na ile ya upande wa pili. Beringi niliitia grisi kidogo kwa ncha ya kidole. Nahodha aliangalia kidole changu akatikisa kichwa, kama mtu anayeona mgonjwa akinyimwa maji.

Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukaa upande wa bara tulipoondoka tena. Chini ya kilima cha mchanga mwekundu tulipakia tena magunia yetu kutoka dukani, kisha niliingiza gia, nikaachia kanyagio, nikahisi ile hali ambayo kila dereva anaijua kwenye nyayo: kwanza hakuna kitu, kisha mtetemo mdogo, kisha gari zima linakuja mguuni. Lilipanda na mzigo wote. Juu kabisa nahodha aligonga sakafu kwa fimbo yake.

"Limeshika upepo," alisema.

Njia yote kutoka pale nilitazama mbele. Kila kitu kilichosimama kando ya njia nilikifanya mtoto mwenye furushi, hata kichuguu. Hapakuwa na mtu. Tuliingia Saadani, vichanja vya samaki pande zote mbili, hadi kwenye nyumba ya shangazi.

Alikuwepo. Hawakuwa wamehama, ingawa mlangoni mikeka ilikuwa imekunjwa na vyungu vimefungwa kamba. Dada yangu alitoka na ndoo. Alikuwa amerefuka, ana mabega ya mama. Aliweka ndoo chini akanisalimu kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo." Akachukua ndoo yake.

Shangazi alinikaribisha uani. Macho yake yalikuwa na utando mweupe. Alinishika uso kwa viganja ili anione. "Umekonda, baba. Mwezi ulipoandama, kama ulivyosema, huyu alikaa pale njiani na furushi lake. Kutwa. Nikamwita kula, hakuja. Kesho yake tena. Na tena. Siku aliporudi alifungua furushi, akapanga nguo zake. Kwangu mimi angelia ingekuwa nafuu."

"Gari liliharibika, shangazi."

"Mimi nimekuelewa. Mweleze yeye."

Nilimkuta dada yangu jikoni akipuliza moto. Nilikaa kwenye kigoda. Sikujua kusema na watoto. Nilijua kusema na mafundi. Nikachukua vifuniko viwili vya sufuria, nikakata duara kwenye gunia kuukuu.

"Hivyo ni vifuniko vya shangazi," alisema.

"Nitarudisha. Njoo ushike hapa. Mimi ni injini, wewe ni magurudumu." Niliweka gunia kati ya vifuniko, ukingo wake ukiwa nje, akaushika. Nikavizungusha vifuniko vyote viwili bila kubana. "Umevutwa?"

"Hapana."

"Sasa?" Nikabana huku nikizungusha. Mkono wake ukavutwa ukaja na vifuniko, akayumba kwenye kigoda chake, akashindwa kuzuia kicheko.

"Hivyo ndivyo gari linavyoondoka. Sasa leta mafuta ya nazi."

Alileta, nikayapaka gunia pande zote. Nikabana kwa nguvu zangu zote na kuzungusha. Vifuniko viliteleza juu ya gunia, mkono wake ukabaki palepale alipokaa. Aliutazama mkono wake.

"Nani alitia mafuta?"

"Mzee mwenye gari. Alidhani anasaidia."

"Kwa hiyo gari lilikuwa linanguruma tu, haliendi?"

"Linanguruma sana."

"Na wewe ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani. Nilikuwa kule kwenye kilima, baada ya mto."

Alichukua vifuniko mikononi mwangu akajaribu mwenyewe, nikiwa mimi ninayeshika gunia sasa. Alibana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Viliteleza.

"Kweli," alisema. Akaviosha kwa majivu mpaka mafuta yakatoka, akavining'iniza mahali pake.

Usiku ule nilisikia nahodha na shangazi wakizungumza habari za watu wa zamani. Mimi nilikuwa na furaha. Nilijua dada yangu ameniamini, na nilidhani hilo ndilo pekee lililobaki.

Asubuhi, chumvi ilipokwisha kupakiwa, nilimwambia alete furushi. Alisimama mbele yangu, kitambaa cha kichwa amekifunga vizuri.

"Kaka, shangazi haoni jioni."

"Anakwenda kwa mwanawe."

"Mwanawe anashinda kazini, na nyumba ile shangazi haijui. Hapa anajua kila kizingiti, na bado namshika mkono kwenda chooni. Kule nani atamshika?" Alisema polepole, kama mtu aliyekuwa amelipanga jambo hilo siku nyingi. "Ungekuja mwezi ule ningekwenda na wewe. Mwezi ule macho yake yalikuwa bado yanaona. Nilikuwa sijajua."

Shangazi alisikia kutoka barazani. "Nenda na kaka yako, mtoto wewe. Mimi nitapapasa."

"Siendi," alimjibu, wala hakupandisha sauti.

Ningeweza kumwamuru. Mimi nilikuwa mkubwa wao, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilimtazama akiwa ameshika kizingiti kwa mkono mmoja, nikajiona mimi mwenyewe siku nilipoacha shule na hakuna aliyeniambia niache. Nikamwambia, "Basi ukae naye vizuri," nikapanda lori.

Nahodha alikuwa ameshakaa. Niliwasha injini. Nilikanyaga klachi, nikaingiza gia, na kwa muda nikabaki hivyo, mguu umezama, injini inazunguka na lori limetulia, dada yangu amesimama mlangoni. Nahodha hakuniamuru kitu. Niliachia polepole kuliko inavyofaa klachi yoyote. Siku hiyo, mara moja tu katika maisha yangu ya udereva, nilitamani iteleze.

Ilishika. Nilivyoifunga mwenyewe, isingeweza kufanya vingine. Vichanja vya samaki vikaanza kurudi nyuma, na kwenye kioo nilimwona akigeuka, akampa shangazi mkono, wakaingia ndani pamoja.

Mvua za masika zilitukuta karibu na Fukayosi. Nyumbani mdogo wangu alikuwa ametandika kitanda cha kamba. Nilimweleza, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza Pangani kuna njia ya gari au hakuna. Nilimwambia ipo, wakati wa kiangazi.